Nakala ya Mazungumzo Haipimwi kwa Kuonekana kwa Faili

Miongoni mwa mafundi wa simu, wauzaji wa vifaa na hata watumiaji wazoefu imeota mizizi rai inayosema kwamba simu ya Android humwachia mwenyewe mazungumzo yake ya WhatsApp mkononi, kwa kuwa faili la nakala huonekana na huweza kuhamishiwa kwenye kompyuta kama picha au wimbo, ilhali iPhone huyafungia mazungumzo hayo ndani ya iCloud na kumlazimisha mtumiaji alipie nafasi kila mwezi au akae bila nakala. Rai hii hurudiwa kwa yakini kubwa, na ndiyo inayowafanya watu wengi wa Android walale usingizi wakiamini kwamba folda waliyoinakili kwenye kompyuta mwaka jana itawaokoa siku simu itakapopotea. Makala haya yanaipinga rai hiyo, na kudai kwamba kwa mtu mwenye kompyuta mambo yalivyo kwa kawaida ni kinyume chake: faili la Android linaloonekana halimpi mwenyewe uwezo wa kulifungua, na nakala ya iPhone iliyosimbwa kwenye kompyuta, ambayo wengi hawajui hata kuwa ipo, ndiyo inayokaa kweli mikononi mwa aliyeitengeneza.

Kosa la msingi la rai hiyo liko katika kipimo chake. Nakala rudufu, yaani data iliyowekwa kando ili irudishwe pale data ya awali inapopotea, haina maana mpaka iweze kusomeka katika hali ileile iliyoifanya ihitajike, na hali hiyo kwa kawaida ni kwamba simu haipo tena, imeibwa, imezama majini au haiwaki. Kwa sababu mazungumzo ya leo huhifadhiwa yakiwa yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa msururu wa alama usiosomeka bila ufunguo, swali la kwanza la kuiuliza nakala yoyote ni ufunguo wake uko wapi, na nani anaweza kuutoa siku simu ikiwa haipo. Anayeuliza tu kama faili linaonekana ameacha nusu ya swali.

Katika simu yenye Android 11 au toleo la baadaye, WhatsApp huweka nakala ya ndani katika folda `Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases`, na kwa kawaida kazi hiyo hufanyika saa nane usiku. Anayeunganisha simu na kompyuta kwa waya huikuta folda hiyo bila taabu, na ndani yake hukuta faili liitwalo `msgstore.db.crypt14` pamoja na mengine yenye tarehe katika majina yao, ambayo ni nakala za siku zilizotangulia, kwani programu hiyo hutunza nakala za hadi siku saba zilizopita. Sehemu ya mwisho ya jina ndiyo yenye habari kubwa zaidi, maana `crypt14` huonyesha kwamba hifadhidata ya mazungumzo imesimbwa kwa ufunguo ambao mtumiaji hakuuchagua, hakuuona na hawezi kuutaja.

Ufunguo wenyewe umo ndani ya simu, katika njia `/data/data/com.whatsapp/files/key`, sehemu ya kumbukumbu ambayo mfumo wa Android huitenga kwa kila programu na ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuingia, labda awe ameivunja simu yake ili apate mamlaka ya juu ya mfumo, jambo ambalo huifuta data yote katika simu nyingi pale kizuizi cha mwanzo cha kuwashia simu kinapofunguliwa. Kwa hiyo anayenakili folda ya `Databases` huchukua faili na kuuacha ufunguo. Nakala hiyo inaporudishwa kwenye simu mpya, WhatsApp humtaka mtumiaji athibitishe namba yake kwa msimbo unaotumwa, na baada ya uthibitisho huo ndipo seva za kampuni huipa programu ufunguo wa kufungulia faili. Utaratibu huu hufanya kazi vizuri sana maadamu namba ingali ya mtumiaji yuleyule, na kwa sababu hufanya kazi vizuri watu hawaoni kwamba umiliki wa nakala yao umefungwa kwenye umiliki wa laini ya simu.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi likitazamwa kwa mfano. Ichukuliwe hali ya katibu wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambaye kumbukumbu za marejesho, ahadi za wanachama na makubaliano ya riba zimo katika kundi la WhatsApp kwa kuwa ndimo mazungumzo ya kikundi yanamofanyika. Katibu huyo ni mwangalifu, na kila mwisho wa mwezi huunganisha simu yake ya Android na kompyuta na kunakili folda yote ya WhatsApp. Simu inaibiwa akiwa safarini, laini ilisajiliwa kwa jina la ndugu ambaye sasa yuko mbali, naye anaona ni rahisi zaidi kununua laini nyingine. Miezi inapita, laini ya zamani isiyotumika inafungwa, na kampuni ya simu inampa mteja mwingine namba hiyo, kama zifanyavyo kampuni za simu kwa namba zilizolala. Ndipo unapozuka mgogoro kuhusu mkopo wa mwaka uliotangulia, na katibu anafungua kompyuta yake.

Anachokikuta kinapotosha zaidi kuliko folda tupu. Picha za risiti zilizotumwa kundini zinafunguka moja baada ya nyingine, na ujumbe wa sauti unasikika, kwa sababu WhatsApp ya Android huweka picha, video na sauti katika folda ya `Media` bila kuzisimba. Yaliyofungwa ni maandishi, yaani yale hasa yanayosema risiti ipi ni ya nani na mkopo ulikubaliwa kwa masharti gani. Bila shaka hata zamani katibu alipojaribu nakala yake alifungua picha, akaridhika kwamba yote ni salama. Sasa anasakinisha WhatsApp kwenye simu nyingine, anaweka folda mahali pake, anaingiza namba mpya, na programu haiwezi kulifungua faili la namba ya zamani, na msimbo wa kuthibitisha namba ile ya zamani ungeenda kwa mtu asiyemfahamu. Faili lipo, ni zima, lina kila neno, na halisomeki. Nakala ya Google Drive isingemsaidia, kwa kuwa nayo hufungamanishwa na namba ileile pamoja na akaunti ya Google.

Watetezi wa rai inayopingwa hapa hujibu kwamba Android ina amri ya kunakili data ya programu kwenda kwenye kompyuta, `adb backup`, na kwamba kwa njia hiyo ufunguo pia ungeweza kuchukuliwa. Jibu hili lilikuwa na ukweli kiasi katika enzi ambapo mafundi walirudisha WhatsApp kwenye toleo la zamani ili amri hiyo ikubali, lakini kila mtengenezaji wa programu ana mamlaka ya kuikataza programu yake isinakiliwe kwa amri hiyo, WhatsApp imeyatumia mamlaka hayo, na kuanzia Android 12 amri yenyewe haichukui tena data ya programu zilizotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo na yanayofuata. Uwazi wa Android unaosifiwa kwenye mabaraza ya mafundi unahusu mafaili ya kawaida. Haufiki kwenye data ya ndani ya programu za mazungumzo.

Kwa upande wa iPhone, madai kwamba hakuna njia isipokuwa iCloud si ya kweli, wala hayajawahi kuwa ya kweli. iPhone huunganishwa kwa waya na kompyuta, na katika Mac zenye macOS Catalina ya mwaka 2019 au toleo la baadaye nakala hutengenezwa katika Finder, na katika Windows hutengenezwa kwa iTunes au kwa programu mpya zaidi ya Apple Devices. Mtumiaji huchagua simu yake upande wa kushoto, huchagua nakala ihifadhiwe kwenye kompyuta badala ya iCloud, huweka alama kwenye kisanduku kiitwacho "Encrypt local backup", hutunga nywila, na kubonyeza "Back Up Now", na katika matoleo ya karibuni simu yenyewe humtaka aingize namba ya siri ya kuifungulia kabla kazi haijaanza. Hakuna malipo ya kila mwezi na hakuna ukomo wa GB 5, ambao ndio ukomo wa nafasi ya bure ya iCloud. Ukomo pekee ni nafasi ya diski ya kompyuta.

Nakala hiyo hubeba data ya programu nyingi zilizomo kwenye simu, WhatsApp ikiwa mojawapo, na ubebaji huo una tofauti kubwa na ule wa Android. Hifadhidata ya mazungumzo, iitwayo `ChatStorage.sqlite`, huingia katika nakala bila kusimbwa na WhatsApp yenyewe, hivyo kufuli pekee linaloifunga ni lile la nakala nzima, na ufunguo wa kufuli hilo hutokana na nywila aliyoitunga mwenye simu. Ndani ya folda ya nakala faili hilo halionekani kwa jina lake, kwa kuwa mfumo huyapa mafaili yote majina yanayokokotolewa kutokana na njia zake, nalo huitwa `7c7fba66680ef796b916b067077cc246adacf01d`, likiwa ndani ya folda ndogo ya `7c`. Pengine jina hili lisilotamkika ndilo lililowafanya wengi waamini kwamba hakuna kitu. Lakini nakala ikishafunguliwa kwa nywila, jambo ambalo hata maktaba huria ya Python iitwayo `iphone_backup_decrypt` hulifanya, ujumbe husomeka kwa swali la mistari miwili:

```
SELECT datetime(ZMESSAGEDATE + 978307200, 'unixepoch'), ZTEXT
FROM ZWAMESSAGE ORDER BY ZMESSAGEDATE;
```

Namba ndefu iliyomo katika swali hilo ni idadi ya sekunde kati ya mwanzo wa mwaka 1970, ambao kompyuta nyingi huhesabia nyakati, na mwanzo wa mwaka 2001, ambao Apple huhesabia. Katibu wa mfano uliotangulia angekuwa na nakala ya aina hii, asingehitaji laini, namba, simu wala idhini ya seva yoyote. Angehitaji kompyuta yake na nywila yake, na maneno ya wanachama yangejipanga mbele yake kwa tarehe na saa.

Hapa lipo kosa la pili, nalo ni la watu wa iPhone wenyewe, ambao wengi huacha kisanduku cha usimbaji kitupu kwa hoja kwamba kompyuta ni yao na nywila ni jambo moja zaidi la kusahau. Yaliyosemwa juu ya `ChatStorage.sqlite` yanatosha kuibomoa hoja hiyo, maana kama kufuli pekee ni lile la nakala nzima, basi nakala isiyosimbwa huyaacha mazungumzo yote wazi kwa yeyote atakayeikalia kompyuta hiyo, iwe ni mwenzake ofisini, fundi aliyepelekewa kompyuta itengenezwe, au aliyeinunua bila diski kufutwa. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ambao huufanya ujumbe usomeke na mtumaji na mpokeaji peke yao, hulinda safari ya ujumbe. Hauna lolote la kufanya na faili lililokwisha kufika na kuachwa wazi mezani. Zaidi ya hayo, nakala isiyosimbwa ndiyo pungufu: nywila zilizohifadhiwa, mipangilio ya Wi-Fi, historia ya simu zilizopigwa na data ya afya huhamia kwenye simu nyingine pale tu nakala iliposimbwa. Kwa hiyo kisanduku hicho huongeza usalama na ukamilifu kwa pamoja, na ni nadra katika kazi ya kompyuta kwa mambo hayo mawili kwenda njia moja.

Nguvu ya kufuli lenyewe si ya kubezwa. Tangu iOS 10.2 nywila ya nakala hupitishwa katika ukokotozi unaorudiwa mara milioni 10 kabla ya kuwa ufunguo, ili kila jaribio la kubahatisha limgharimu mwizi muda, na kompyuta ya kawaida huchukua sekunde kadhaa kujaribu nywila moja tu. Tahadhari hiyo ilizaliwa na aibu: mwaka 2016 iOS 10 ilipotoka, kampuni ya Elcomsoft iligundua kwamba Apple imeongeza njia nyingine ya kuhakiki nywila iliyo dhaifu mno, kiasi kwamba majaribio yaliweza kwenda kwa kasi ya takriban mara 2,500 zaidi ya awali, na Apple ikalazimika kuirekebisha. Hata hivyo hakuna idadi ya marudio inayoweza kuiokoa nywila kama jina la mtoto pamoja na mwaka wa kuzaliwa.

Hofu ya kusahau nywila nayo inastahili jibu kamili, kwa sababu ni ya kweli. Aliyesahau nywila ya nakala hawezi kuifungua nakala hiyo, na si Apple wala fundi yeyote mwenye ufunguo wa akiba. Lakini maadamu simu ingali hai, tangu iOS 11 inawezekana kwenda katika mipangilio na kuchagua "Reset All Settings", hatua ambayo huondoa nywila ya nakala bila kufuta mazungumzo wala picha, kisha nakala mpya hutengenezwa kwa nywila mpya; nakala za zamani hubaki zimefungwa kama zilivyokuwa. Kipindi cha hatari basi ni kile ambapo simu imepotea na nywila haikuandikwa popote, na dawa yake ni kuiandika kwenye karatasi na kuiweka mbali na kompyuta. Anayetaka kuhakikisha kama nakala aliyonayo imesimbwa hutazama orodha ya nakala katika Finder au iTunes, ambamo iliyosimbwa huwekewa alama ya kufuli kando ya jina lake.

iCloud yenyewe, ambayo rai inayopingwa huiona kuwa ndiyo njia pekee, ina mtego usiojulikana na wengi. Tangu Oktoba 2021 WhatsApp humruhusu mtumiaji wa mifumo yote miwili kusimba nakala ya mtandaoni kwa nywila au kwa ufunguo wake mwenyewe, lakini katika iPhone ambayo imewashwa pia nakala ya jumla ya simu kwenda iCloud, data ya WhatsApp huingia katika nakala hiyo ya jumla bila usimbaji huo, na WhatsApp yenyewe imewashauri watumiaji waizime nakala ya jumla wakitaka ulinzi kamili. Mtu aliyewasha usimbaji katika programu na kuiacha nakala ya jumla ikiendelea amefunga mlango mmoja wa nyumba yenye miwili. Nakala ya kwenye kompyuta humwezesha kuzima ile ya iCloud bila kubaki mikono mitupu.

Haki inadai isemwe pia kwamba Android ina njia moja inayomrudishia mwenyewe ufunguo, na kwamba lawama kubwa ni kwa wale wanaoisifu Android bila kuitaja. Katika mipangilio ya WhatsApp, chini ya "Chat backup" na "End-to-end encrypted backup", mtumiaji hupewa nafasi ya kutunga nywila au kutumia ufunguo wenye alama 64. Akitunga nywila, ufunguo halisi hukaa katika hazina maalumu ya seva za WhatsApp ambayo hutoa idadi ndogo ya majaribio kisha hujifunga moja kwa moja, na hivyo bado anategemea seva. Akichagua alama 64, anao ufunguo wenyewe kwenye karatasi, faili la ndani ya simu hubadilika kuwa `msgstore.db.crypt15`, na faili hilo linaweza kufunguliwa kwenye kompyuta kwa zana huria iitwayo `wadecrypt`, bila namba wala laini. Tarakimu 14 au 15 mwishoni mwa jina la faili ni ndogo, lakini `crypt15` peke yake haimhakikishii mtu kitu kama hana zile alama 64 mkononi, na ni wachache mno wanaozichagua, maana alama 64 huonekana kama adhabu.

Wala njia ya iPhone haina kasoro. Kurudisha nakala ya kompyuta ni kuirudisha simu nzima katika hali ya siku ile, kwani mfumo haumruhusu mtumiaji kuchagua mazungumzo peke yake, hivyo anayetaka ujumbe wa mwaka jana bila kupoteza picha za jana itambidi aufungue kwenye kompyuta badala ya kuurudisha kwenye simu. Tena nakala mpya huandikwa juu ya ile ya zamani, kwa namna kwamba ujumbe uliofutwa Jumatatu haumo tena katika nakala ya Jumanne, tofauti na Android inayotunza siku saba. Katika Mac hilo huepukwa kwa kuchagua "Archive" katika orodha ya nakala, na katika Windows kwa kuinakili folda yote kwenda diski ya nje kabla ya nakala inayofuata.

Tena hukumu hii ni ya WhatsApp, haipaswi kuhamishiwa kila programu. Signal huigeuza kabisa: katika iPhone huzuia ujumbe wake usiingie katika nakala ya iCloud wala ya kompyuta, kwa hiyo nakala iliyosimbwa kwa uangalifu wote haitakuwa na hata neno moja la Signal, ilhali katika Android imekuwa ikitoa faili la ndani lenye jina linaloanza na `signal-` na kuishia na `.backup`, linalofunguliwa kwa tarakimu 30 ambazo mtumiaji huonyeshwa na kutakiwa aziandike. Katibu ambaye kikundi chake kinatumia Signal na ana simu ya Android anaweza kuhamisha faili hilo kwenye kompyuta akijua kwamba ufunguo anao, na hapo ile rai ya mafundi, kwa programu hiyo moja, inakuwa sahihi.